Watu Niliowapeleka Msituni

Wilaya yetu ya Ufipa ilipogawanywa mbili, tulikuwa na idadi ya watu wa wilaya ya zamani tu. Mimi, ofisa takwimu pale Sumbawanga, niliambiwa niigawe. Nikapima ramani kwenye kompyuta: wilaya mpya ya mashariki ilikuwa na robo tatu ya eneo, nikaipa robo tatu ya watu. Njia ile huchukulia kwamba watu wametandazwa sawasawa, kama ulezi ulioanikwa juani. Kumbe mashariki ni msitu na magenge ya mawe matupu. Watu wamebanana magharibi, kwenye mashamba ya mahindi, na mama yangu akiwemo. Nilijua. Nilikuwa na haraka, nikasaini.

Dawa za malaria zikagawanywa kwa hesabu yangu. Masika mama alipougua, zahanati ya kijijini kwake ilikuwa imeishiwa. Nesi, asiyejua kazi yangu, aliniambia, "Pole, kaka. Sijui ni mjinga gani aliyetuhesabu."

Baada ya matanga nilikwenda kwenye ghala la wilaya ya mashariki. Maboksi ya dawa yalikuwa bado yamefungwa, yakiwasubiri watu niliowapeleka msituni. Mama alikuwa mmoja wao.