Kijani cha Ukuta Kwenye Kanzu

Miaka ya hamsini nilikuwa nikipaka picha rangi kwa mkono katika studio ndogo Msambweni. Mama mmoja wa Bongwe alitaka nimwingize marehemu mwanawe katika picha ya jamaa, waliosimama kando ya ukuta wa kijani.

Nilimkata kutoka picha yake ya zamani, nikambandika kando ya nduguze, lakini kanzu yake nyeupe pe ilimtenga nao. Basi nikapaka kijani hafifu ubavu wa kanzu ulioelekea ukutani, kama rangi ya ukuta inavyoakisi, na wekundu wa sakafu kwenye pindo, ukififia kwenda juu. Akawa kama aliyesimama pale.

Mama aliitazama picha.

“Umeweza, mwanangu,” akasema. “Lakini nikifika nyumbani, hayupo.”

Akaniachia picha ile. Hakurudi kuichukua.