Moyo wa Mama Ukisimama

Daktari alivuta stuli, akaketi uso kwa uso na mama. Mimi na kaka yangu, aliyeshuka kutoka Kisarawe na hasira zake zote, tulisimama upande wa pili wa kitanda. Wodi ile ya Kibaha ilikuwa na joto la kukera. Saratani ya mama ilishafika kwenye mapafu, na nyumbani tulikubaliana asiambiwe. Kumbe mwenyewe alijua kabla yetu.

"Mama, moyo wako ukisimama," daktari alisema, "huwa tunakandamiza kifua tujaribu kuurudisha. Kwa hapo ugonjwa ulipofika, sitegemei urudi, na ukirudi utateseka zaidi. Naona tusifanye. Dawa za maumivu, oksijeni, uji, vyote vinaendelea. Hebu niambie, umeelewaje?"

Mama akavuta pumzi. "Nikifa mniache nife. Msije mkanivunja mbavu. Ila dawa ya maumivu msininyime."

Kaka akaruka. "Mgonjwa haulizwi uji, daktari! Tunaamua sisi. Tena mjomba hajaambiwa!"

"Mjomba mpigieni. Lakini mama ana akili timamu. Mwenye neno ni yeye."

Akaandika palepale huku akitusomea: tulivyozungumza, kwamba mama ameelewa na ameamua mwenyewe, kwamba binti ameafiki na mwana wa kiume hakuafiki, na kwamba uamuzi utapitiwa tena Jumatatu, au mapema zaidi hali ikibadilika. Mimi sikusikia uchungu wala nini. Ganzi tupu. Nilikuwa nawaza nguo nilizoacha kwenye kamba kule nyumbani Mkuza.

Siku zote zile kaka alikaa akimbembeleza mama abadili kauli. Jumatatu mama alikuwa kwenye usingizi mzito, ukimwita haitiki. Daktari akamgeukia kaka. "Sikuulizi wewe unataka nini. Mama alikuwa anasemaje?"

Nilijua atadanganya. Badala yake akasema, "Kila nilipomwomba, aliniambia nimwache." Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Daktari akaandika kwamba uamuzi unabaki, akaweka tarehe nyingine.

Mama hakuifikia. Mchana mmoja, tukiwa naye mimi na kaka, nilikuwa nampaka mafuta miguuni nikaona kifua hakipandi. Mimi niliyekubali tangu mwanzo, mimi niliyemwona kaka hana akili, nikapiga ukelele: "Nesi! Mkandamizeni! Jamani, mkandamizeni!" Nikapanda kitandani, mikono yangu miwili juu ya kifua cha mama.

Nesi alikuja akitembea, hakukimbia. Kaka akanishika mikono, akaiondoa mmoja baada ya mwingine.

"Mwache, dada," akasema. "Alikataa."