Shujaa Mwenye Pembe

Mtoto akisomea udaktari wa mifugo, baba yangu anaelewa. Sheria anaielewa nusu. Nilipomwambia kwamba mimi, binti yake, nasomea fasihi simulizi, aliacha kuchuja maziwa akaniangalia kama mtu aliyeuziwa ndama kipofu.

"Njo kusema, unasomea mahadisi?"

"Njo ile, Papa."

"Ile bibi yako alikuwa anatupatia bure?"

Nikamshikia chujio, maana mdomo wangu una moto na siku hiyo nilihitaji ruhusa yake. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa masomo. Nyumbani, juu kwenye malisho ya Masisi, mabidoni, yale madumu ya maziwa, yalikuwa yananingoja, kwani mama alichoka kushuka nayo barabarani kila asubuhi. Baba akakata shauri: atakuja chuoni kunitazama kwenye semina yetu. Akiona kazi, nitaendelea. Akiona mchezo, nitarudi kubeba maziwa. Hakuwa ananitisha tu. Baba akisema neno, limekwisha.

Ilikuwa semina ya utendi simulizi. Profesa wetu, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, alitutaka kila mmoja atunge tukio moja la shujaa na kuliimba mbele ya watu, bila karatasi, kama wafanyavyo waimbaji wa Walikale. Kabla ya hapo alitupeleka Kashebere kumsikiliza mmoja wao. Mzee yule alitikisa kibuyu chenye mbegu ndani, vijana wakapiga mwanzi mkavu kwa vijiti, naye akaimba, akasimulia, akacheza, akamwigiza shujaa na hata shangazi wa shujaa. Katikati alijiingiza mwenyewe: akasema koo limemkauka, na kwamba mke wake anapika vizuri kuliko wake za wasikilizaji. Watu wakacheka, wakamletea pombe ya ndizi. Akawashukuru kwa wimbo uleule, kisha akarudi kwa shujaa bila kupoteza hatua.

Nilichokiona kwanza ni marudio. Kila shujaa alipoondoka, maneno yalikuwa yaleyale. Kila alipofika, yaleyale tena. Nilidhani ni uzee. Profesa akatueleza kwamba kauli hizo ni kama mawe ya kuvukia mto. Mwimbaji hakariri utendi mzima. Anaijua njia ya hadithi: mtoto wa ajabu aliyekataliwa na baba yake, shangazi anayemsaidia, safari ya chini ya ardhi, majivuno, aibu, kurudi kwake akiwa na adabu. Maneno huyatunga palepale. Kauli ya kurudiwa inampa nafasi ya kufikiri, na waitikiaji wakiishika, yeye anavuta pumzi. Majina ya sifa nayo yana kazi yake. Yanasema shujaa ni wa nani, amefanya nini, ana alama gani. Mwimbaji huyarefusha au kuyafupisha kadiri wimbo unavyodai.

Nilielewa kila neno. Kisha nikaenda kuandika tukio langu lote na kulikariri neno kwa neno, kwa sababu mimi ni mbishi.

Shujaa wangu niliyempa majina ya Mwana-wa-Ukungu, Mjukuu-wa-Mlima, Asiyeombwa-Kupisha, alikuwa anaenda kudai ngoma ya ukoo iliyofichwa na baba yake ng'ambo ya mto. Akiondoka, kauli ilikuwa hii: "Akafunga kiuno, akashika fimbo, mlango ukamwogopa." Wanafunzi wenzangu waliitikia: "Mlango ukamwogopa!" Mazoezini nilitiririka kama maji ya bomba.

Siku yenyewe baba alifika mapema, kofia kichwani, fimbo ya kuchungia mkononi. Akakaa mstari wa mbele kabisa. Nikatikisa kibuyu, mwanzi ukalia, nikaanza, na kweli nilianza vizuri. Shujaa alizaliwa, akakataliwa, akajivuna, akafunga kiuno. Mlango ukamwogopa mara nyingi. Baba hakutikisa hata sharubu.

Shujaa alipokaribia mto, mwanafunzi mmoja akainuka akaweka ndizi mbivu miguuni pangu. Alifanya vema, kwani desturi ndiyo hiyo: ukipendezwa, unatoa. Nami nilipaswa kumshukuru ndani ya wimbo. Nikamshukuru. Nikaisifu ndizi, nikamsifu na mama aliyeipanda. Nilipogeuka kurudi mtoni, mto haukuwepo. Maneno yote niliyoyakariri yalikuwa yamekimbia kama kuku walioona kipanga.

Nikashika jiwe la kwanza nililolikumbuka: "Akafunga kiuno, akashika fimbo, mlango ukamwogopa."

"Mlango ukamwogopa!" wakaitikia, ingawa mtoni hakuna mlango.

Nikarudia. Wakarudia. Nikaona ni heri nimsifu shujaa mpaka akili irudi. "Mwana-wa-Ukungu!" nikaita. "Mjukuu-wa-Mlima!" Sikupata la tatu. Mdomo ukatafuta majina ya sifa popote yalipo, na yaliyokuwa yamelala ndani yangu tangu utoto yakatoka yenyewe: "Mwenye-Pembe-za-Mwezi! Asiyesukumwa-Mtoni!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Profesa alifuta machozi. Shujaa wangu alikuwa ameota pembe.

Majina hayo yalikuwa ya ng'ombe wetu mmoja. Kila jioni, mimi nikishika chombo cha maziwa, baba alimsifu hivyo akimkamua, na yule ng'ombe alisimama kimya kabisa. Alipokufa kwa uzee baba hakumsifu mwingine. Hawa wengine, alisema, wanatoa maziwa tu. Sikuthubutu kumtazama baba usoni.

Lakini jina la sifa likishatajwa halifutwi. Lazima hadithi ilibebe. Kibuyu kikaendelea, nami, kwa mara ya kwanza, nikatunga. Nikaimba kwamba shangazi alimfunga shujaa pembe mbili kichwani ili asidharauliwe. Nikaimba kwamba alipoingia majini, walinzi wa ng'ambo waliona pembe tu zikielea, wakadhani kundi zima linavuka, wakakimbia. Kwa majivuno akainua kichwa kuwacheka, maji yakamwangusha, akaomba msaada kama mtoto. Shangazi akamvuta kwa pembe zilezile. Akavuka akiwa amelowa na ana adabu, akaipiga ngoma. Sijui hayo yote yalitoka wapi.

"Mwenye-Pembe-za-Mwezi!" nikaita kwa kumaliza. "Asiyesukumwa-Mtoni!"

Kabla wenzangu hawajaitikia, sauti ikatoka mstari wa mbele, nzito, yenye kutu kidogo: "Mama-wa-Povu-Jeupe! Anayerudi-Bila-Kuitwa!"

Baba alikuwa amesimama, fimbo juu, kama tunavyofanya kwetu tukisifu ng'ombe. Ukumbi ukaitikia kwa nguvu, "Bila kuitwa!" na nikalia huku nikitikisa kibuyu, kwa furaha tupu.

Baadaye tulisubiri pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Alikula ile ndizi yangu bila kuniuliza. Nilitaka aseme kitu kuhusu mwaka wa mwisho, lakini alitafuna polepole, makusudi, najua ni makusudi. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Papa, basi ni kazi ao ni mchezo?"

"Ulimupatia mwanaume majina ya ng'ombe yangu," akasema, "na haukuniomba."

"Unisamehe, Papa."

Akapanda pikipiki, akaweka fimbo vizuri kwenye mapaja, akaweka kofia sawasawa.

"Na ulisahau mama yake. Ng'ombe haisifiwe bila kutaja mama yake," akasema. "Mwaka ya kesho, utamutaja."