Nusu ya Bi Mwanahamisi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko siku zangu zote za kazi pale masijala ya ardhi, Kwale. Nilikuwa nanakili kurasa kuukuu za rejista kabla hazijaingizwa kwenye kompyuta, na kwa mwandiko nilijiona sina mpinzani.

Nikaufikia ukurasa wa shamba la Mzee Salimu, jirani yetu wa Msambweni. Kwenye sehemu ya wamiliki jina lake lilisomeka vizuri. Lililofuata lililowa maji zamani, wino ukatapakaa. Karani aliyenitangulia alikuwa ametoa hati kwa jina la Salimu peke yake. Mimi sikubahatisha. Nilitia alama ya penseli pembeni, "haisomeki", nikaenda kutoa faili la shamba lenyewe. Humo mlikuwa na hati ya uhamisho: marehemu baba yao aliwapa hiba watoto wawili, Salimu na dadake Mwanahamisi, nusu kwa nusu, wangali wadogo.

Lo! Bi Mwanahamisi yule yule aliyeishi kijumba cha nyuma, akimwomba kakake ruhusa ya kuangua nazi. Na wiki ile Salimu alikuwa anamuuzia shamba zima mtu wa hoteli kutoka Diani.

Msajili, mkubwa wangu, alilinganisha hati na ukurasa, akasimamisha mauzo. Kisha akaniambia notisi zitatoka Jumatatu. Nitangulie nyumbani nikawaeleze wale ndugu taratibu, maana huenda hata Salimu hajui. Nikaitikia, na sikwenda. Nilikuwa na harusi Ukunda, na kusema kweli nilitaka habari ije na mhuri, watu wajue nani kaigundua.

Notisi ikasomwa kwenye baraza la chifu, mbele ya kadamnasi. Watu wakaguna, mmoja akatamka neno mwizi. Salimu akainuka, akaenda zake. Alihamia kwa mwanawe Kibuyuni, na hata Idi hakurudi.

Nilikwenda kumpongeza Bi Mwanahamisi. Aliipokea shikamoo yangu, akanimiminia kahawa, akasema, "Nusu yangu umenipa, Mungu akulipe. Lakini ungalikuja ukatuketisha, mimi na kaka, angalinipa yeye mwenyewe. Sasa shamba ninalo, kaka sina."

Salimu alizikwa huko huko Kibuyuni, hawajasemezana. Roho inaniuma mpaka leo, sikufichi.

Basi nisikilize. Ukiikuta haki ya mtu kwenye karatasi, iandike kama ilivyo, usiipunguze hata herufi. Lakini kabla mhuri haujafika, jitande leso yako uende ukabishe hodi, umwambie kwa kinywa chako yule atakayepata na yule atakayepoteza. Harusi itakungoja.

Mungu akujaalie mkono wa kweli na miguu isiyo mizito, mwanangu, na akuzeeshe wewe na ndugu zako mkila sinia moja. Amina.