Paa la Baba

Baba alianguka kutoka kwenye paa la nyumba yetu ya Pongwe wakati akiezeka, na mimi ndiye niliyekuwa chini nikimrushia makuti. Alivunjika shingo. Mwaka uliofuata, katika miaka ya hamsini, paa lilianza kuoza upande wa chumba tulimolala mimi, mke wangu na mtoto wetu mchanga. Masika yalikuwa yanakaribia.

Kila asubuhi niliamka nimenuia kupanda. Nikishaiona ngazi, nilikumbuka kwamba makuti hayatoshi, nikakaa nikasuka mengine. Nilinoa majembe ambayo hayakuwa butu. Nilipalilia mihogo, nikarudi jioni nimechoka hoi, na paa halijaguswa.

"Kesho," nilimwambia mke wangu.

"Ya jana au ya juzi?" alijibu, akamsogeza mtoto mbali na ukuta, ambao udongo wake ulikuwa umeanza kulowa kwa manyunyu ya kwanza.

Majirani waliniita mvivu. Nami niliamini. Nilijitukana kimoyomoyo, na kadiri nilivyojitukana ndivyo nilivyozidi kushindwa hata kulitazama paa, maana sasa lilikuwa na hofu na aibu pamoja.

Usiku mmoja upepo ulivuma, kuti likachomoka, nikasikia ukuta ukimeguka. Nililala macho wazi nikiwa nimeuweka mkono juu ya mtoto. Niliogopa ukuta utamwangukia. Niliogopa zaidi kwamba hata hivyo asubuhi sitapanda.

Siku chache baadaye shangazi, dada yake baba, alifika kutoka Maramba. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu maziko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama makuti yaliyorundikwa hadi dirishani. "Haya yote umesuka wewe?"

"Mimi."

"Na wanasema u mvivu."

Akaketi, lakini aliupa mgongo upande ule alioangukia baba.

"Mimi niliwaambia watu magoti yananiuma, ndiyo maana siji," alisema. "Magoti yangu ni mazima. Mara mbili nilifika kwenye basi nikarudi. Nikisharudi nyumbani nilikuwa napumua vizuri kabisa. Wewe ukisema kesho, unajisikiaje?"

"Kama nimetua mzigo."

"Na jioni?"

"Unarudi. Mzito zaidi."

"Basi ni ule ule wangu. Tunakimbia, tunapata nafuu, na nafuu ndiyo inatufundisha kukimbia tena. Unaogopa nini hasa huko juu?"

Nilitaka kusema kuanguka. Yakatoka mengine. Nilisema naogopa kusikia tena ule mlio wa fito kabla baba hajaanguka, na kwamba labda kuti la mwisho nililirusha vibaya, akainama kulidaka. Sikuwahi kumwambia mtu. Mke wangu alikuwa mlangoni, akaweka chini kinu alichokishika. Shangazi alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Sijui kama ulirusha vibaya," alisema. "Hata wewe hujui. Lakini huo si uvivu."

Siku ile hakunituma juu. Aliniambia niishike ngazi tu, nisiondoke wakati moyo unadunda, ningoje upungue wenyewe ndipo niachie. Nilishika. Jasho lilinitoka, na nilikuwa na hakika nitazimia. Sikuzimia. Baada ya muda mapigo yalishuka, ingawa hofu haikuisha. Alasiri nilipanda kidato cha kwanza, nikakaa hapo vivyo hivyo. Kesho yake vidato viwili, kisha nikarudi kimoja, kwa sababu miguu ilikataa.

"Leo nimeshindwa," nilimwambia mke wangu.

"Leo hujakwenda kupalilia mihogo," alisema.

Tulipoona mawingu yanajazana upande wa bahari, nilijifunga kamba kiunoni, mke wangu akaizungusha kwenye nguzo na kuishika. Shangazi ndiye aliyenipa makuti, moja moja, kwa mkono, bila kurusha. Nilipofika juu, fito moja ililia chini ya goti langu. Nikaganda. Mlio ule nilioukimbia ulinijaa masikioni, na mwili wote ulitaka kushuka.

"Nasikia mlio," nilisema.

"Sema unaogopa," shangazi aliniambia kutoka chini.

"Naogopa."

"Haya. Funga hilo moja."

Nikalifunga. Vidole vilikuwa havina nguvu, fundo likanichukua muda mrefu. Nikaomba la pili. Nilijua sasa kwamba nikingoja hofu iishe ndipo nifanye kazi, mvua itanikuta nangoja.

Mvua ilianza kabla sijamaliza pembe ya jikoni. Nilishuka. Upande wa mtoto haukuvuja, na ukuta ulisimama. Jikoni mke wangu alitega sufuria chini ya tundu, shangazi akawa anamwaga maji kila ilipojaa. Tulipika katikati ya matone. Moyo wangu ulikuwa bado unaenda mbio, na asubuhi iliyofuata nilikwenda kuishika ngazi, nikasimama pale hadi nikaweza kupanda.