Naomba Unidhamini

Foklifti mimi naiendesha kama wengine wanavyopeleka kijiko mdomoni. Nipe mzigo wa mbao mrefu kama kanisa, nitaupitisha mlangoni na hautagusa fremu. Lakini kuandika? Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nililisoma mara mbili kwa sababu nililipenda sana.

Basi ghala moja huku Iyunga, Mbeya, likabandika tangazo getini: anatakiwa dereva wa foklifti. Mimi nilikuwa na miezi saba sina kazi ya kueleweka. Nabeba viazi vya watu sokoni, mgongo umepinda mpaka nikawa nasalimiana na viatu vyangu. Mke wangu alikuwa ameacha hata kuniuliza habari za kazi, na mke akiacha kuuliza ujue hali ni mbaya. Leseni ninayo, cheti ninacho. Shida ilikuwa mstari wa mwisho wa tangazo: andika wadhamini wawili, mmoja awe msimamizi wako wa kazi wa zamani, pamoja na simu na imeili zao. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Mdhamini wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu. Huyo alikubali kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Wa pili ndiyo shughuli.

Bosi wangu wa zamani nilikuwa naye miaka sita kwenye kiwanda kimoja cha plaiwudi upande wa Mafinga. Mhehe, mrefu, mkimya. Akikuangalia, hata kama hujaiba unaanza kujipapasa mifukoni. Baadaye alihamia kampuni nyingine Iringa mjini. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, na simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo, ipo kwa fundi imepasuliwa kama samaki. Nilichobaki nacho ni imeili yake, iko chini ya barua aliyonipa mkataba wangu ulipoisha.

Halafu kati yetu kulikuwa na habari ya plaiwudi. Mwaka wangu wa nne pale, niliingiza uma za foklifti vibaya nikatoboa bunda zima. Hakuna aliyeniona. Nikalisukuma nyuma ya ghala, nikalifunika na turubai, nikaenda kula. Siku mbili nikawa napitisha foklifti mbali na ile turubai. Siku ya tatu nikaenda ofisini kwake mwenyewe, nikasema. Akasikiliza, akaandika, akanisimamisha wiki mbili. Nikarudi, hakulitaja tena, si kwa ubaya si kwa utani. Sasa mtu wa hivyo utajuaje moyoni amekuandika vipi?

Jumatatu nikaenda steshenari Mwanjelwa. Dada mwenye steshenari alinifungulia imeili yangu mwenyewe, ya kwanza tangu nizaliwe. Nikajisikia kama nimepewa kiwanja.

"Haya kaka, sema nichape," akaniambia, huku mkono mwingine unatoa kopi za wanafunzi.

"Anza na Kamwene bosi. Ndiyo salamu ya kwao, atafurahi."

"Kichwa cha barua?"

"Andika kwa herufi kubwa: NAOMBA UNIDHAMINI."

Nikaendelea kumsomea kutoka kichwani. Nikasema bosi, nipo Mbeya, nina shida kubwa, wewe ndiye tegemeo langu. Naomba uwe mdhamini wangu, mwisho ni Ijumaa saa kumi, ikipita hapo nimekwisha. Simu kwa sasa sina. Mke wangu anakusalimia na hali yake si nzuri. Dada akachapa, akabonyeza, ikaenda. Niliiona barua nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa Nyanda za Juu Kusini.

Jumanne asubuhi jibu lipo. Maneno matatu tu: "Uko kituo gani?"

Nikamwambia dada, unaona mtu wa ofisi, anataka kujua kituo cha kazi. Mjibu: kituo ni Iyunga, huku viwandani.

Mchana likaja jingine: "Umefanya nini?"

Hapo nikajua anataka uzoefu wangu tangu tuachane. Nikamjibu kwa kujidai kidogo: "Bosi, nimefanya mengi, mengine hata wewe huyajui. Lakini sijawahi kuua mtu."

Sisi madereva wa mashine tunajisifia hivyo, jamani. Ndiyo sifa ya kwanza!

Jumatano kutwa kimya. Nikaenda steshenari mara nne, mpaka dada akaniambia, "Kaka, imeili haiivi kwa kuichungulia." Usiku nikamwambia mke wangu basi, amekataa, plaiwudi imenifuata. Akasema, "Ungeacha kuificha." Akageukia ukutani. Maneno mawili, kama ya bosi.

Alhamisi saa nane mchana nikaenda tena, kinyonge. Kulikuwa na imeili mbili. Ya kwanza ya alfajiri: "Nipo njiani. Usiseme chochote mpaka nifike." Ya pili ya dakika chache tu zilizopita: "Nimefika Mbeya. Kituo cha polisi huku Iyunga wanasema hawana mtu wa jina lako. Wamekuhamishia wapi?"

Dada akaacha kopi. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alizisoma zote kwa pamoja, kuanzia Kamwene bosi. Alipofika kwenye sijawahi kuua mtu akashika meza.

"Kaka! Huyu baba anajua umefungwa! Anakuja kukuwekea dhamana!"

"Dhamana ya nini? Mimi nimeomba udhamini."

"Sasa hivyo vina tofauti gani kwa mtu wa Iringa asiyekuona?"

Nilitamani ile mashine ya kopi inimeze, initoe upande wa pili nikiwa mtu mwingine. Tukamwandikia namba ya simu ya dada. Dakika haikuisha, simu inaita. Dada akanipa.

"Bosi, sipo polisi."

Nikasikia malori yanapita upande wake.

"Uko wapi?"

"Steshenari."

"Wamekushtaki steshenari?"

"Bosi, ni kazi. Naomba kazi. Wanataka mdhamini wa kazi."

Nikasikia anamwita bodaboda. Halafu akasema, "Nielekeze."

Alikuja na bodaboda, kavaa koti lake lile lile la kahawia. Mkononi ana bahasha. Alikaa kwenye benchi, akaitoa: kitambulisho chake cha taifa, na barua ya serikali ya mtaa wake yenye mhuri, inayomtambulisha kwamba anakwenda Mbeya kumdhamini mtu polisi. Jumatano nzima alikuwa anaitafuta hiyo barua. Alhamisi akaomba ruhusa kazini, akapanda basi la kwanza. Mtu ambaye miaka sita hakuwahi kuniuliza hata watoto wangu wangapi.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikasema, "Bosi, ulikuja bila kujua nimefanya nini?"

"Nilikuuliza. Ukasema mengi."

Dada akatoka nje, akidai anaenda kununua maji. Nilimsikia huko nje anacheka peke yake.

Nikadhani sasa yameisha, ataandikwa tu. Nikamwambia dada aliporudi, haya, jaza jina lake. Bosi akainua mkono.

"Subiri. Kukutoa mahabusu kungekuwa rahisi. Pale naahidi kitu kimoja tu, kwamba utarudi tarehe uliyoambiwa. Huku wananiuliza wewe ni mtu gani. Hilo sijaombwa bado. Niandikie upya."

"Bosi, si upo hapa nimekaa na wewe?"

"Niandikie. Na safari hii nielewe."

Basi ikawa vile. Mtu amekaa benchi hili, mimi benchi lile, namwandikia imeili, na yeye ananirekebisha kabla haijamfikia. Sema ni kazi gani na ghala gani. Kumbusha tulifanya wapi pamoja, miaka ipi, wewe ukiwa nani. Tangazo liambatanishe, na wasifu wako pia, nisije nikasema hiki na wewe umeandika kile. Weka namba ya simu hata ya jirani. Mwisho uniulize kama naweza, na useme nikishindwa hutakasirika.

"Lakini nitakasirika, bosi."

"Ndiyo maana unaandika."

Ikaenda. Simu yake ikalia mfukoni. Akavaa miwani, akaisoma yote taratibu kama hajawahi kuisikia. Halafu hakuijibu. Akaniangalia, na mimi nikaanza kujipapasa mifukoni.

"Wakinipigia, nitawaambia hujawahi kuchelewa na kwamba mashine unaijua kuliko walionifundisha mimi. Wakiniuliza kama umewahi kuharibu mali, nitasema plaiwudi. Na turubai nitaitaja. Kwa hiyo fikiri. Kuna yule msimamizi wa zamu wa kule kiwandani, rafiki yako, atakusifia mpaka kesho. Unaweza kumwandika yeye."

Ni kweli, yule jamaa angesema hata kwamba mimi ndiye niliyevumbua foklifti. Na simu yake dada angeweza kunitafutia kwa dakika tano. Nilifikiri miezi saba, nikafikiri mke wangu na ukuta. Mimi ni mtu wa maneno mengi, nakuza kila kitu, mtu akiwa na mbwa mimi nitasema simba. Lakini pale niliona sitaki kuingia ghalani kwa mtu huku habari zangu zimekuzwa kama ninavyozikuza mwenyewe. Halafu siku wakinijua, nifanyeje?

"Nakuandika wewe," nikasema.

Ndipo akajibu imeili. Dada akanisomea: "Nimekubali. Watumie namba yangu ya kazini." Tukapeleka maombi Ijumaa asubuhi, na yeye tayari yupo kwenye basi la kurudi.

Wiki iliyofuata wakaniita. Mama wa utumishi, miwani puani, karatasi mbele. Akaanza kule kule.

"Mdhamini wako nimeongea naye. Amesema uliwahi kuharibu mzigo ukauficha."

"Ni kweli, mama. Bunda zima. Chini ya turubai."

"Siku ngapi?"

Ulimi wangu, kwa mazoea, ulitaka kusema nusu saa.

"Mbili. Ya tatu nikaenda kusema."

Akaangalia karatasi yake. Nikaona anaweka alama pembeni, sijui alama gani.

"Na yeye amesema mbili," akasema. "Amesema hakuna aliyekuona, na bado ulikwenda. Amesema kwa sababu hiyo hiyo, akifungua ghala lake mwenyewe, atakuajiri."

Miaka yote ile hakunitajia. Kumbe kosa lile alilitunza moyoni, na kukiri kwangu akakutunza pia. Nikamwambia yule mama naomba maji, na sikuwa na kiu.

Nilianza kazi Jumatatu, miezi mitatu ya kuangaliwa kwanza. Jioni nikapita steshenari, nikamwambia dada safari hii sogea, nachapa mwenyewe. Ilinichukua lisaa lizima kuandika mistari miwili. Wa kwanza nilimwambia bosi nimepata. Wa pili nilimwambia nimesikia alichosema kuhusu siku ya tatu.