Ufa Uliopita Katikati ya Tofali

Adriko Fabiano alikuwa mkaguzi wa majengo mjini Arua, mzaliwa wa Ayivu, na watu wa mtaa wa Awindiri alikopanga walimjua kwa tabia moja: akipita karibu na nyumba mpya, hakosi kugusa ukuta. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwaka 1974, Kapteni Jale alipotaka kujenga ghala na uzio mrefu wa matofali ya saruji huko Koboko, alimwita Adriko amwandikie masharti ya kazi. Hakumuuliza kama ana nafasi. Nyakati zile za utawala wa jeshi hakuna aliyeulizwa hivyo.

Adriko aliandika kurasa mbili. Tofali livumilie uzito wa paundi mia tano kwa kila inchi ya mraba. Limwagiwe maji wiki nzima baada ya kufyatuliwa, kisha likae kivulini mpaka likauke sawasawa, maana tofali bichi likishajengwa huendelea kunywea. Mota ya kuunganishia matofali iwe saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Viungo vijazwe hadi ndani, unene usizidi nusu inchi, na kila tofali likalie nusu ya lile la chini. Na kila futi ishirini ukuta ukatwe toka juu hadi chini, liachwe pengo dogo la kupumua, lijazwe ubao laini uliolowekwa lami, na nguzo zisimame pande zote mbili kuushikilia.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa Nestor, Mkongo aliyetoka upande wa Aru zamani akaoa na kuzalia Awindiri. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mabega mapana na mkono mwepesi. Mkewe, Scholastique, aliuza mihogo mikavu sokoni. Adriko na Nestor walikuwa wamefanya kazi pamoja mara nyingi, na Jumapili walikaa benchi moja kanisani.

Saruji ilikuwa adimu kuliko sukari, lakini kwa Kapteni ilifika kwa malori. Matofali yalifyatuliwa kwa haraka, yakaanikwa juani, yakaanza kujengwa kabla hayajapoteza unyevu. Adriko alipofika kukagua, alichukua moja akaliachia kutoka kiunoni. Likavunjika vipande vitatu.

"Haya hayajaiva," alimwambia Nestor.

"Najua, ndugu. Lakini mutu mwenye mali anataka ukuta, hataki maelezo."

Wakati huo huo gari la Kapteni likaingia. Akashuka, akatembea kando ya uzio ambao sasa ulimfikia kifuani, akasimama mbele ya pengo la kwanza. Akaingiza kidole.

"Hii nini? Ukuta yangu iko na matundu?"

"Afande, ni nafasi ya kupumua," Adriko alisema. "Ukuta mrefu hunywea ukikauka, tena jua huuvuta na baridi huurudisha. Usipoupa nafasi, utajitafutia wenyewe."

"Watu watapita hapa waseme Jale saruji imemwishia. Ziba. Na hii mota iko na rangi ya majivu. Tia saruji. Moja kwa tatu. Mimi si maskini."

Adriko alifungua mdomo mara ya pili. Alitaka kusema kwamba mota isilizidi tofali nguvu. Kwamba mota laini kidogo huyapokea maumivu ya ukuta kwenye viungo, mahali panapozibika kirahisi, lakini mota ngumu kama jiwe huyasukuma maumivu yote ndani ya tofali. Askari wawili walikuwa wameteremka garini wakisikiliza. Akafunga mdomo.

Nestor alimtazama, akasubiri, halafu akageuka kwenda kuchanganya saruji moja kwa mchanga tatu.

Uzio ulimalizika mvua zikiisha. Ulipendeza. Kisha kiangazi kikaingia, upepo mkavu ukashuka kutoka Sudan, na kabla ya Krismasi kupita nyufa zikatokea. Mpasuko wa kwanza ulianzia juu ukashuka wima. Kisha mwingine, na mwingine.

Kapteni hakukumbuka pengo lolote. Alikumbuka malori ya saruji. Mtu fulani akamnong'oneza kuwa Wakongo wanauza saruji mpakani, na hilo likamtosha. Walimchukua Nestor sokoni, mchana kweupe, alipokuwa akimsaidia mkewe kupanga magunia.

Scholastique alifika kwa Adriko akiwa peku. "Wanasema ameiba saruji. Baba Pasca, wewe unajua kazi yake. Nenda ukaseme."

Mke wa Adriko alimshika mkono mumewe. Adriko hakulala. Asubuhi alidandia lori la mihogo hadi Koboko, akaenda moja kwa moja kwenye uzio, akausoma ukuta kama mtu anavyosoma jina la nduguye kwenye kaburi. Alichokitafuta kilikuwepo. Ndipo akaenda kubisha langoni kwa Kapteni.

Jale alitoka akiwa na kikombe cha chai. "Wewe unataka nini?"

"Afande, nataka ukuta wako umtetee Nestor. Tafadhali njoo uone."

Pengine ni ule mshangao wa kuombwa hivyo uliomfanya aje. Adriko alimpeleka mpaka kwenye ufa mkubwa kuliko yote.

"Fundi akiiba saruji, mota huwa dhaifu. Ukuta ukipasuka, ufa hufuata mota. Huenda kwa ngazi, huku na huku, ukizunguka tofali. Huu hauzunguki. Tazama, umepita katikati ya tofali, ukavuka kiungo, ukapasua tofali la chini yake." Alitoa msumari akakwaruza kiungo; haukuacha hata alama. Akakwaruza tofali, vumbi likamwagika. "Saruji yako yote iko humu, afande. Nestor hakuiba hata kijiko. Aliweka kama ulivyomwagiza."

Maneno ya mwisho yalishamtoka kabla hajayapima.

Kapteni aliukaribia ufa. Akachukua msumari, akakwaruza mwenyewe, kiungo kisha tofali. Akapangusa vumbi vidoleni.

"Kweli," alisema. "Hakuiba."

"Basi, afande, naomba arudi nyumbani."

Jale alimimina chai iliyobaki mchangani. "Umechelewa," alisema, bila hasira. "Tangu juzi yule hayupo. Rudi Arua. Na hii habari ya ukuta, usimwambie mutu."

Adriko alirudi Awindiri jioni. Hakuomba maji wala kiti. Alisimama mlangoni kwa Scholastique, akamwambia yote mawili: kwamba mumewe hakuwa mwizi, na kwamba amekufa.

Scholastique hakulia papo hapo. Aliuliza, "Wewe ulijua ukuta utapasuka?"

"Nilijua."

"Ulimwambia Kapteni?"

"Mara moja tu."

"Mara moja," alirudia, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na kilio kikaanza, majirani wakaja.

Mwili haukupatikana. Licha ya onyo, Adriko alisimulia habari ya ufa: kwa padri, kwa mafundi, kwa wauza mihogo, kwa yeyote aliyetamka neno mwizi mbele yake. Mtu mmoja alimwonya kwamba ataitwa na wanajeshi. Kila gari lilipopunguza mwendo karibu na nyumba yake, mkewe aliacha alichokuwa akifanya. Hakuitwa. Pengine Kapteni aliona aibu, pengine alisahau. Alihamishwa kusini na hakuonekana tena.

Scholastique aliwachukua watoto wake akarudi kwao ng'ambo ya mpaka. Siku ya kuondoka, Adriko alikuja kumbebea mizigo. Scholastique alimwachia abebe gunia moja hadi njia panda, hapo akalipokea, akajitwika kichwani, akaenda bila kumpa mkono.

Mwaka 1979, vita vilipowafukuza watu wa Arua, Adriko naye alivuka kwenda Kongo na jamaa zake. Huko aliwajengea wakimbizi vibanda vya udongo na miti. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa hodari, ila alikuwa na kero moja: jambo likienda kombo kazini alilisema, akalisema tena, akalisema mpaka watu wakachoka naye.